Moyo Haukuelekea Huko: Namna ya Kumwambia Mtu Bila Kumdhalilisha

Jumamosi moja baada ya Isha, mpwa wangu alinijia barazani na uso wa mtu aliyepoteza kitambulisho. Tulinywa kikombe cha kwanza cha kahawa bila neno. Cha pili kilipomiminwa ndipo akasema, "Mjomba, yule binti ana adabu, nacheka naye, simuoni na ila. Lakini moyo hausemi kitu. Nimwambieje?"

Walikuwa wameonana mara nne. Mara ya kwanza ilikuwa nyumbani kwa dada yake kijana, ambaye ndiye aliyewakutanisha. Mbili zilizofuata zilikuwa Mama Ngina, wakila mihogo na kunywa madafu, dada mtu akiwa kando. Mara ya nne binti alimwambia kwamba mamake angependa kumkaribisha chakula. Hapo ndipo kijana akaingiwa na baridi. Dawa aliyoifikiria ni ile ya wengi: apunguze kujibu meseji kidogo kidogo, mpaka binti aelewe mwenyewe.

Nikamwambia njia hiyo naijua, nimeipita. Nilipokuwa na umri wake nilimpenda binti wa watu kama rafiki tu, nikashindwa kusema. Badala yake nikamwambia ninaswali istikhara, kisha nikanyamaza. Istikhara yenyewe sikuiswali, niliifanya kisingizio. Yeye alinisadiki akangoja miezi mitano, na katika miezi hiyo alikataa posa ya mtu mwingine. Nilipokuja kujua, sikuwa na la kumrudishia. Ndiyo sababu nalizungumza jambo hili waziwazi.

Kabla ya kusema lolote, kijana alihitaji kuwa na hakika. Mikutano miwili ya mwanzo huenda watu wakawa na haya tu, na haya si dalili ya moyo kukataa. Baada ya mara tatu au nne mtu anaweza kujipima. Nilimuuliza hivi: "Ukisikia leo ameposwa na mwenzako, utahisi nini?" Akajibu bila kufikiri, "Nitamfurahia, hata harusini nitakwenda." Jibu lilikuwa hilo. Angesita, au moyo ungemruka, ningemwambia aonane naye tena kwanza.

Nikamwambia aandike anachotaka kusema. Akaandika: "Wewe ni mtu mzuri sana na utapata aliye bora kunishinda. Kwa sasa nimebanwa na kazi, sijui mbele kutakuwaje. Tuzidi kuombeana dua." Maneno matamu, lakini yasome kwa macho ya mwenye kutarajia. "Kwa sasa" yamaanisha baadaye huenda ikawa. "Nimebanwa na kazi" yamaanisha kazi ikipungua mambo yatakuwa sawa. "Sijui mbele kutakuwaje" yamwambia angoje. Kila kisingizio chenye dawa, kama vile kazi, masomo, pesa au mama kutokubali, humfanya mwenzio aitafute dawa hiyo. Na "utapata aliye bora" ni neno la kujipunguzia uchungu wewe, si yeye.

Tukaandika upya, tukabaki na haya: "Nimekupigia kwa jambo ambalo si jepesi. Nimefurahi kukujua, na hujanikosea lolote. Lakini hisia nilizo nazo kwako ni za urafiki, si za ndoa, na sioni kama zitabadilika. Nimeona nikwambie mapema kabla wazee hawajaingia." Shukrani moja ya kweli, sababu moja, na mlango uliofungwa polepole lakini ukafungwa. Baada ya hapo anyamaze amsikilize. Anayeendelea kusema huishia kutoa ahadi asizozitaka.

Mbona simu? Kwa mtu uliyeonana naye mara moja au mbili, ujumbe wa maandishi watosha. Kwa mara nne, sauti ni heshima. Na simu yamwezesha kulia bila kutazamwa, na kukata anapotaka. Ukitaka kumwambia ana kwa ana, chagua mahali anapoweza kuinuka akaenda zake. Usimwambie ndani ya tuktuk, wala kwenye feri ya Likoni katikati ya maji, mkalazimika kutazamana mpaka ng'ambo. Binti huyu ni mwalimu, kwa hivyo kijana alimtumia ujumbe kumuuliza kama angeweza kumpigia baada ya Magharibi, ili habari isimkute mbele ya darasa.

Alipomaliza kusema, binti aliuliza lile swali ambalo lazima mtu ajiandae nalo: "Nimekosa nini?" Hapa wengi huharibu. Hutafuta ila ili waonekane wana sababu, wakataja kicheko, unene, au familia. Ila utakayoitaja ataibeba miaka, au atajaribu kuirekebisha kisha arudi. Kijana alisema, "Hakuna kosa la kurekebisha. Ni moyo wangu haukuelekea huko." Binti akauliza kama wangesubiri hadi baada ya Ramadhani waone. Kijana aliniambia ulimi wake ulitaka kusema ndiyo, kwa huruma tu. Akameza mate akasema, "Hapana, sitaki ungoje kwa ajili yangu." Lilikuwa neno gumu, na ndilo lililomuokoa binti na yaliyonipata mimi kumfanyia mwenzangu. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili.

Kuhusu urafiki, nilimuonya asiutoe usiku ule kama fidia. Mtu aliyeumia akiambiwa "tubaki marafiki" huukubali ili asikupoteze, kisha hukaa akihesabu kila salamu. Kijana aliacha zile meseji za asubuhi, akaacha kutia neno kila binti anapoweka picha. Urafiki kama upo, utajitokeza wenyewe baada ya muda, na binti ndiye atakayeuanza akitaka. Vyakula na zawadi ndogo hazirudishwi wala hazidaiwi. Kitu cha thamani, kama simu au dhahabu, mwenye kukataa akirudishe.

Kuna jambo moja ambalo huku kwetu lina uzito wa pekee, nalo ni mtaa. Habari ya "amemkataa" hufika madirishani kabla ya adhana, na anayebeba aibu mara nyingi ni mwanamke. Kwa hivyo kijana alimuuliza binti angependa watu waambiwe nini. Wakakubaliana neno moja, "hatukuafikiana", na hata dada aliyewakutanisha aliambiwa hilo tu. Picha zake akazifuta.

Njia hii ina mipaka yake. Posa ikishapelekwa, jambo si la wawili tena, na simu peke yake ni utovu wa adabu. Mwambie mwenzio, kisha wazee waliokwenda ndio warudi. Na mwenzio akiwa mtu wa vitisho au wa kukuvizia njiani, huna deni la simu wala la kuonana. Ujumbe mmoja wa wazi watosha, na mzee wa nyumbani ajulishwe siku hiyohiyo.

Nilimuuliza kijana simu iliishaje. Alisema binti alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ahsante kwa kuniambia kabla mamangu hajapika." Akakata yeye mwanzo. Hawajaongea tangu hapo, isipokuwa salamu mlangoni kwenye harusi moja. Lakini binti hakungoja mtu, na mamake hakuinjika chungu kwa mgeni ambaye hangekuja.