Kifupisho "ect" hakina asili

Msafiri atokaye Kitale kwenda Bungoma kwa njia ya Kiminini na Webuye hakosi la kusoma. Kila duka lina ubao wake, na mbao nyingi huorodhesha bidhaa: mbegu za mahindi, mbolea, dawa za mifugo, kisha orodha hufungwa kwa kifupisho. Wapo waandikao "n.k.", wapo waandikao "etc.", na wapo, tena si haba, waandikao "ect". Umbo hili la mwisho nimelikuta pia katika stakabadhi na katika barua za kuomba kazi. Hoja yangu leo ni kwamba halina asili popote, wala hakuna mahali linapoweza kuwa sahihi.

Tuanzie kwenye Kilatini. Neno "et" maana yake ni "na". "Cetera" ni "vingine vilivyosalia". Hayo ni maneno mawili, na Waingereza waliyapokea hivyo. Kamusi zao huyaandika mbalimbali, "et cetera", ingawa nyingi hukubali pia "etcetera" kama neno moja. Basi mwandishi achague analolipenda, mradi asiyachanganye katika waraka mmoja. Mimi napendelea mawili, kwa kuwa yanaonyesha wazi kiungo kilipo.

Kiungo hicho ndicho kinachotatua mzozo wetu. Neno "et" ni fupi, kwa hiyo huandikwa zima. Neno "cetera" ndilo lililokatwa, ikabaki herufi ya kwanza, na nukta ikatiwa baada yake kuonyesha kwamba limekatwa. Ndipo tukapata "etc." Herufi "t" ni ya neno la kwanza na "c" ni ya neno la pili, anayeitanguliza "c" ameingiza neno moja ndani ya tumbo la jingine.

Anayetaka ushahidi zaidi na atazame vitabu vya kale vya Kiingereza. Wachapaji wa zamani waliandika "&c." Alama hiyo ya "&" ilizaliwa kwa kuunganisha herufi "e" na "t" za neno lile lile "et". Iondoe, uweke "et" mahali pake, nawe utapata "etc." Hakuna namna ya kuigeuza ikatoa "ect".

Mbona basi kosa hili limeenea? Nadhani lawama ni za sikio na jicho. Ulimi hauoni raha kutamka "t" na "s" kwa kufuatana, ndiyo maana wengi husema "eksetera", na sikio likisikia "ek" mkono huandika "ec". Jicho nalo limezoea maneno ya Kiingereza yanayoishia kwa "ect", kama vile "subject" na "project", ambayo kila mwanafunzi huyaona tangu utotoni. Wala herufi hizo tatu hazikukaa bure. Zikiandikwa kwa herufi kubwa, ECT, madaktari wa maradhi ya akili huzitumia kwa matibabu ya kupitisha umeme ubongoni. Sidhani mwenye duka la mbolea hukusudia kuuza huduma hiyo.

Kiswahili chetu kina njia iliyo sawa na hiyo. "Na kadhalika" ni maneno mawili, na kila moja limetoa herufi yake: "n.k." Kwa hiyo "nakadhalika" ni kosa, na "na n.k." ni kosa pia, kwa sababu "na" imekwisha kutajwa ndani ya kifupisho. Waandikao "and etc." kwa Kiingereza hurudia kiungo vivyo hivyo.

Tuchukue sentensi ya kijana wa Bungoma aombaye kazi ya ukarani: "Nina ujuzi wa kupiga chapa, kutunza faili na ect." Kwanza tuondoe "ect" na kutia "n.k." Pili tufute ile "na" iliyozidi. Tunapata: "Nina ujuzi wa kupiga chapa, kutunza faili, n.k." Tahajia sasa ni safi, lakini bado kuna swali moja. Kifupisho hiki humwambia msomaji kwamba vingine vya aina hiyo vipo, naye anaweza kuvikisia. Mwajiri atakisia nini? Akiuliza, na kijana awe hana ujuzi wa tatu, "n.k." yake itakuwa ahadi isiyo na kitu nyuma yake. Ikiwa anao, kwa mfano kuweka hesabu, autaje. Ikiwa hana, aandike: "Nina ujuzi wa kupiga chapa na kutunza faili," kisha atie nukta.

Naye mwenye duka aweza kubaki na "n.k." yake bila wasiwasi, kwa kuwa mteja aonaye mbegu na mbolea hukisia jembe. Akipenda Kiingereza, na aandike "etc." Kabla rangi haijakauka ajiulize tu: "na" iko wapi? Kama "et" haisomeki nzima mwanzoni, fundi afute aanze upya.