Zege limepasuka siku hiyo hiyo? Kabla ya kumlaumu fundi, angalia upepo

Septemba mwaka jana mjomba alinipigia simu kutoka Dodoma, kakasirika kweli. Jamvi la nyumba yake lilianza kumwagwa saa mbili asubuhi, likaisha saa sita, na ilipofika saa tisa lilikuwa limejaa nyufa. Yeye alishaamua: ama saruji ni feki, ama fundi kapunja mifuko. Hela ya fundi akaizuia. Nikamwomba anitumie picha kwanza.

Nyufa zilikuwa zimelala karibu sambamba, zimeachana kama nusu mita, na nyingi hazikufika kwenye kingo za jamvi. Huo ndio muonekano wa zege lililokauka juu likiwa bado bichi. Saruji ikipunjwa unapata zege dhaifu, lakini dalili yake siyo nyufa za namna hii ndani ya saa chache.

Iko hivi. Zege likishasawazishwa, kokoto na mchanga hushuka taratibu na maji hupanda juu. Ndiyo maana uso unang'aa. Upepo na jua vikiyachukua maji hayo haraka kuliko yanavyopanda, mng'ao unapotea na tabaka la juu linaanza kusinyaa. La chini yake halisinyai, kwa hiyo la juu linavutwa huku na huku, na kwa vile bado halina nguvu yoyote, linachanika.

Kipimo kinachotumika sana ni kilo 1 ya maji kwa kila mita ya mraba kwa saa: ukipoteza zaidi ya hapo, tegemea nyufa. (Zege lisilotoa maji mengi juu hupasuka hata chini ya kiwango hicho.) Unaweza kukadiria mwenyewe kwa kanuni aliyoichapisha Paul Uno mwaka 1998:

```
E = 5 × [(Tc+18)^2.5 − r × (Ta+18)^2.5] × (V+4) × 10^-6
```

Tc ni joto la zege na Ta joto la hewa, yote kwa nyuzi za Selsiasi. Herufi r ni unyevu wa hewa (asilimia 35 unaandika 0.35), na V ni upepo kwa kilomita kwa saa. Nikachukua mchana wa kiangazi: hewa nyuzi 30, zege 32, unyevu asilimia 35, upepo kilomita 20. Jibu ni 1.45. Halafu nikaacha kila kitu vilevile, nikapunguza upepo tu hadi kilomita 5. Jibu likashuka hadi 0.54! Kumbe adui mkubwa pale hakuwa jua. Turubai lililosimamishwa upande upepo unakotoka lingesaidia kuliko watu wanavyodhani.

Sasa muda. Mafundi wengi husema "tuanze asubuhi kukiwa na ubaridi", na kwa kazi ndogo wako sahihi. Ila swali siyo unaanza saa ngapi, ni saa zipi zege litakuwa bichi. La mjomba lilikuwa bichi saa tano, saa sita, saa nane, yaani upepo ulipopamba moto. Angeanza saa kumi jioni, saa za hatari zingeangukia usiku. Kwa hewa nyuzi 22, zege 25, unyevu asilimia 65 na upepo kilomita 8, kanuni inatoa 0.33 tu. Gharama yake ni taa na posho ya usiku, na kama eneo lenu upepo hautulii jioni, faida inapungua.

Kabla ya kumwaga, lowesha ardhi na mbao bila kuacha madimbwi. Ukisawazisha kipande, kifunike kwa nailoni palepale, ukifunue pale tu unapotaka kupiga mwiko. Usinyunyize maji juu ukayachanganya kwa mwiko ili kazi iwe laini. Uso huo baadaye utatoa vumbi kila ukifagia. Ufa ukitokea zege likiwa bado laini, ligongegonge na ulisugue upya lijifunge hadi chini. Kupaka juu tu ni kuuficha. Likishakaza, magunia mabichi kwa siku saba, na yasikauke katikati.

Lipu ina tatizo la ziada: inanyonywa na tofali kwa nyuma huku hewa ikiikausha kwa mbele. Lowesha ukuta jana yake, ubaki na unyevu bila kuchuruzika. Fuata kivuli pia, yaani ukuta wa magharibi piga asubuhi, wa mashariki piga mchana. Lipu iliyonyang'anywa maji, ukiigonga baada ya siku kadhaa inalia kama debe tupu, na hiyo dawa yake ni kuibomoa.

Mjomba alimlipa fundi. Nyufa zilizibwa kwa uji wa saruji kabla ya sakafu kuwekwa, na lipu ya nje wakaipiga kwa kufuata kivuli.