Potasiamu 40: kuhesabu kilichomo ndani ya kiini

Mwaka 1959, katika Bonde la Olduvai kaskazini mwa Tanzania, Mary Leakey aligundua fuvu la kale lililopewa jina Zinjanthropus. Miaka miwili baadaye wanasayansi walitangaza kwamba lina umri wa miaka 1,750,000 hivi. Umri huo haukupimwa kwenye mfupa. Ulipimwa kwenye tabaka la majivu ya volkano, kwa sababu madini ya majivu hayo yana potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni. Kuelewa kipimo hicho kunaanzia kwenye alama hii:

⁴⁰₁₉K

K ni potasiamu. Namba ya chini, 19, ni idadi ya protoni katika kiini cha atomu, na ndiyo inayoamua elementi ni ipi. Ikiongezeka protoni moja tu, hiyo si potasiamu tena, ni kalsiamu. Namba ya juu, 40, ni idadi ya nukleoni, yaani protoni na nyutroni zikihesabiwa pamoja. Nyutroni zenyewe hazikuandikwa popote; inabidi utoe: 40 − 19 = 21.

Hapo ndipo wanaoanza hukosea. Wapo wanaodhani 40 ndiyo idadi ya nyutroni. Wapo pia wanaochukua 39.10 iliyo kwenye jedwali la elementi na kutoa 19, wakapata nyutroni 20.1. Desimali ile ikujulishe kuwa namba uliyoshika siyo: 39.10 ni wastani wa potasiamu zote zilizochanganyika duniani, ilhali wewe unahesabu kiini kimoja.

Zimechanganyika kwa sababu potasiamu ya asili ni ya aina tatu: ³⁹K, ⁴⁰K na ⁴¹K. Namba ya chini mara nyingi huachwa, maana herufi K imekwisha kutuambia kuwa protoni ni 19. Nyutroni zake ni 20, 21 na 22. Viini vyenye protoni sawa na nyutroni tofauti huitwa isotopu. Katika kemia zinafanana karibu kabisa, kwa hiyo fuwele ya madini inapoumbika huzipokea zote tatu bila kubagua. Katika kila atomu 10,000 za potasiamu, moja hivi tu ndiyo ⁴⁰K, na ndiyo pekee kati ya tatu hizo inayogeuka.

Kwa nini yeye tu? Zihesabu nyutroni. ³⁹K ina 20, sawa na ⁴⁰Ca ya kalsiamu (40 − 20) na ³⁸Ar ya argoni (38 − 18). Viini vya elementi mbalimbali vyenye nyutroni sawa huitwa isotoni, na hivi vitatu vyote ni imara. Lakini ⁴⁰K ina nyutroni 21, na katika elementi zote hakuna kiini hata kimoja kilicho imara chenye nyutroni 21. Kwangu mimi hapa ndipo isotoni, ambazo vitabu vingi huzipitia mbiombio, zinapoonyesha kazi yake.

⁴⁰K hugeuka kwa njia mbili. Mara nyingi nyutroni moja huwa protoni: protoni zinafika 20, nyutroni zinabaki 20, nayo imekuwa ⁴⁰Ca. Takriban mara moja katika kumi, protoni humeza elektroni na kuwa nyutroni: protoni 18, nyutroni 22, yaani ⁴⁰Ar. Jumla haikubadilika, ni 40 kotekote. Viini vyenye nukleoni sawa na protoni tofauti huitwa isobari, na ⁴⁰K, ⁴⁰Ar na ⁴⁰Ca ni isobari tatu. Nusu ya ⁴⁰K huchukua miaka bilioni 1.25 kugeuka.

Kalsiamu haisaidii kupima umri wa majivu haya, kwani kalsiamu ya kawaida iliyojaa miambani karibu yote ni ⁴⁰Ca. Ile mpya hupotea humo. Argoni ni gesi. Majivu yakiwa ya moto hutoroka, yakishapoa hunaswa ndani ya fuwele na kujikusanya.

Tatizo ni hewa. Nayo ina ⁴⁰Ar, na hakuna chombo kinachoweza kutofautisha atomu ya hewani na ile iliyozaliwa ndani ya jiwe. Anayeitambulisha ni isotopu mwenzake, ³⁶Ar, ambayo potasiamu haiizalishi kamwe. Hewani, kila ³⁶Ar moja huambatana na ⁴⁰Ar 298 hivi. Tuseme fuwele imetoa ⁴⁰Ar 1,000 na ³⁶Ar 2. Basi 2 × 298 = 596 ziliingia kutoka hewani, na 404 zilizosalia ndizo za potasiamu. Ikiwa ³⁶Ar ni 3, ⁴⁰Ar za hewani ni 894 na zinabaki 106 tu. Kosa dogo katika kuhesabu ³⁶Ar litauvuruga umri wote, na mpimaji atatafuta fuwele nyingine.