Kutoka 0.47 hadi Watu 21: Jinsi ya Kuyafungua Matokeo ya Utafiti

Utautambua mstari wa namna hii ukifungua sura ya matokeo katika ripoti nyingi za utafiti wa afya:

RR 0.47, 95% CI 0.28–0.78; p = 0.0065

Kwa mwanatakwimu, habari yote imo humo. Muuguzi wa zahanati, mwalimu, au kijana aliyetoa damu yake ipimwe anatoka mikono mitupu. Mstari huu unatokana na utafiti wa tohara ya wanaume na VVU uliofanyika Kisumu, Kenya, ukachapishwa mwaka 2007. Niliwahi kuandika upya matokeo yake yasomwe na watu wa kawaida, na kazi ile ilinifunza kwamba kufuta namba hakutoshi. Kila namba ina jambo inalolisema, na jambo hilo lazima lisemwe kwa maneno.

Nilianza kwa kurudi kwa watu wenyewe. Wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24, ambao hawajatahiriwa na walioonekana hawana VVU, waligawanywa kwa kura. Watu 1,391 walipangwa watahiriwe mara moja, na 1,393 wasubiri. Wote walipewa ushauri na kupimwa mara kwa mara kwa kipindi cha miaka miwili. Katika kundi la tohara waliambukizwa 22. Katika kundi lililosubiri, 47. Desemba 2006 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu tofauti ilikuwa wazi, na waliokuwa wakisubiri wakapewa nafasi ya kutahiriwa. Msomaji akishapata aya hii, ameshika kiini cha habari kabla hajaona asilimia hata moja.

Hapo hapo kuna mtego. Mwandishi mwenye haraka atagawa 22 kwa 1,391 na kupata asilimia 1.6, kisha akute ripoti yenyewe inasema 2.1. Hakuna aliyekosea. Utafiti uliposimamishwa, baadhi ya vijana hawakuwa wametimiza miaka miwili, na wengine hawakurudi kupimwa. Mtu aliyefuatiliwa miezi sita hahesabiwi sawa na aliyefuatiliwa miezi ishirini na minne, kwa hiyo watafiti waliuzingatia muda wa kila mmoja. Anayeandika upya asitunge hesabu yake mwenyewe. Achukue zile za ripoti: baada ya miaka miwili, asilimia 2.1 kwa waliopangiwa tohara na asilimia 4.2 kwa waliosubiri.

Sasa tuingie kwenye 0.47. Namba hii inalinganisha hatari ya kundi moja na ya jingine. Maana yake ni kwamba hatari ya kuambukizwa kwa waliopangiwa tohara ilikuwa chini kidogo ya nusu ya ile ya waliosubiri, yaani ilipungua kwa asilimia 53. Rasimu yangu ya kwanza niliiandika hivyo hivyo: “Tohara hupunguza hatari kwa asilimia 53.” Nikamsomea mzee mmoja jirani yangu, nikamwomba anirudishie alichoelewa. Akasema, “Kwa hiyo, mwanangu, wakitahiriwa vijana mia, hamsini na watatu hawawezi kuupata tena.”

Mzee hakuwa na kosa. Sentensi yangu ndiyo iliyompotosha. Asilimia 53 ni punguzo la hatari iliyokuwepo, wala si idadi ya watu waliopata kinga kamili. Niliandika tena nikitumia watu elfu moja: “Tuchukue vijana 1,000 wa aina hii wasiotahiriwa. Katika miaka miwili, wapatao 42 wangeambukizwa. Elfu moja wengine wakitahiriwa, wangeambukizwa wapatao 21. Tohara ingewaepusha watu 21 katika kila elfu moja.” Nilipomsomea tena, alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Lakini hao 21 wengine wameupata wakiwa wametahiriwa.” Ndicho hasa msomaji anachotakiwa kukijua: tohara inapunguza hatari, haiiondoi.

Mbinu ya elfu moja inafaa kwa sababu makundi yote mawili yanasimama juu ya idadi ileile. Makosa mengi huanzia pale kundi moja linapotajwa kwa “mmoja kati ya 24” na jingine kwa “mmoja kati ya 48”. Msomaji analazimika kupiga hesabu kichwani, na wengi huona 48 ni kubwa wakadhani hatari nayo ni kubwa zaidi.

Baada ya hapo inakuja 0.28 hadi 0.78, sehemu inayoachwa zaidi na waandishi kwa kuogopa kumchosha msomaji. Kuiacha ni kumnyima ukweli. Utafiti wowote hupima watu wachache kati ya wengi, na angepatikana kikundi kingine cha vijana, hesabu ingesogea. Mipaka hii miwili inaonyesha mahali ambapo jibu la kweli linaweza kuwepo bila kupingana na takwimu zilizopatikana. Kwa maneno: “Makadirio bora ni punguzo la asilimia 53, lakini takwimu hizi zinaafikiana pia na punguzo dogo la asilimia 22 au kubwa la asilimia 72.” Msomaji anaona mara moja kwamba hata upande wa chini kabisa bado kuna faida, na kwamba ukubwa wake haujulikani barabara.

Mwisho ni p = 0.0065, na hapa hata wasomi huteleza. Wengi huandika kwamba kuna uwezekano wa asilimia 0.65 kuwa tohara haisaidii. Sivyo. Namba hii inajibu swali jingine: tohara ingekuwa haina athari yoyote, bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa kama hii, au zaidi, mara ngapi? Jibu ni mara sita au saba katika tafiti elfu moja. Kwa msomaji wa kawaida inatosha kusema: “Ni vigumu kuamini kwamba tofauti hii imeletwa na bahati tu.”

Kuna jambo moja zaidi. Ripoti hiyohiyo inataja pia asilimia 60. Hiyo ilipatikana baada ya kurekebisha hesabu kwa ajili ya watu ambao hawakufuata walichopangiwa, na kuwaondoa wanne waliogundulika kuwa tayari walikuwa na virusi walipoandikishwa. Zote mbili ni halali. Kosa ni kuokota iliyo kubwa bila kusema ni ya nani.

Baada ya yote hayo, aya yangu ilisomeka hivi:

“Utafiti wa Kisumu uliwalinganisha vijana wa kiume waliopangiwa kutahiriwa na wenzao waliosubiri. Kwa miaka miwili, katika kila 1,000 waliosubiri waliambukizwa VVU wapatao 42. Katika kila 1,000 waliopangiwa tohara, wapatao 21. Huenda faida halisi ni ndogo au kubwa kuliko hapo, lakini ni vigumu kuamini kwamba imeletwa na bahati tu. Waliotahiriwa nao waliambukizwa, kwa hiyo kondomu bado inahitajika. Utafiti huu ulipima wanaume. Hauwezi kutuambia kama mwanamke anakingwa mwenzi wake akitahiriwa.”

Sentensi ya mwisho haimo katika ule mstari wa namba. Niliitoa kwenye maelezo ya nani alipimwa, kwa sababu ndilo swali ambalo mke wa mzee yule aliniuliza nilipowasomea mara ya tatu.