Nyota Hujibu Pale Tu Pasipo na Jina

Mfanyabiashara mmoja wa vitenge alinipigia simu akiwa amechanganyikiwa. Alikuwa amelifunga duka lake la mtandaoni na kuifuta rekodi yake ya DNS kwa mkono wake mwenyewe, lakini wiki nzima baadaye jina la duka lilikuwa bado linafunguka. "Kaka, nimeifuta mwenyewe, mbona bado ipo?" Nilimwomba aandike neno lolote la ovyo mbele ya kikoa chake. Akaandika `kukumweupe`. Nalo likafunguka!

Tuseme kikoa chake ni `example.com`. Kabla ya kufuta, orodha yake ilikuwa hivi:

```
example.com.       A  192.0.2.10
*.example.com.     A  192.0.2.10
duka.example.com.  A  192.0.2.20
```

Utata uko kwenye mstari wa pili, wenye nyota. Wengi huisoma nyota hiyo kama "majina yote", na hapo ndipo wanapopotea. Maana yake ni "majina yasiyokuwepo". Seva ikiulizwa jina, kwanza hulitafuta kwenye orodha. Ikilikuta, hujibu kwa kilichoandikwa hapo, na nyota haiguswi kabisa. Isipolikuta, nyota ndiyo hujibu, tena kwa kutaja jina lile lile lililoulizwa, kiasi kwamba muulizaji hana dalili kuwa jina hilo halijaandikwa popote. Kanuni hii imo katika waraka RFC 1034 wa mwaka 1987, na RFC 4592 ya mwaka 2006 ikayanyoosha maneno yake.

Kwa hiyo yule bwana alipofuta mstari wa tatu, jina `duka` halikufa. Liliangukia mikononi mwa nyota. Kilichobadilika ni anwani tu: badala ya inayoishia na 20, sasa lilijibiwa kwa inayoishia na 10. Fundi wake alimwambia asubiri kumbukumbu za seva zijisafishe. Angesubiri milele. Njia ya kuhakikisha ni ile ya `kukumweupe`: uliza jina unalolitilia shaka, kisha uliza jina la kubuni, ulinganishe. Anwani zikifanana, nyota ndiyo mshukiwa wa kwanza; fungua orodha uone kama jina lako limeandikwa.

Upande wa pili wa kanuni hii huumiza zaidi, kwa sababu huangusha tovuti inayofanya kazi. Chukua `malipo.example.com`, ambalo halijaandikwa na linaishi kwa hisani ya nyota. Kampuni ya barua pepe inakuomba uongeze rekodi ya TXT kwenye jina hilo ili kuthibitisha umiliki. Unaongeza, unahifadhi, na ukurasa wa malipo unatoweka. Hukugusa anwani yoyote, ila umelifanya jina liwepo. Nyota haiangalii ni rekodi ya aina gani iliyoandikwa. Jina likishakuwepo, yenyewe hukaa kando. Anayeuliza anwani ya `malipo` sasa anaambiwa kwamba jina lipo lakini anwani haina.

Hata kuandika `_dmarc.malipo.example.com` peke yake kunatosha. Majina ya DNS ni kama matawi: tawi dogo haliwezi kuning'inia hewani, kwa hiyo `malipo` huhesabiwa kuwa lipo ingawa halina rekodi hata moja. Hili ndilo huwachosha mafundi, maana ukilitafuta `malipo` kwenye orodha hulioni.

Amri moja hulifichua:

```
dig malipo.example.com A
```

Tazama neno lililo mbele ya `status`. Ukiona `NXDOMAIN`, jina halipo kabisa. Ukiona `NOERROR` pamoja na `ANSWER: 0`, jina lipo ila halina anwani, na kama kikoa kina nyota ya anwani, tafuta rekodi iliyowekwa kwenye jina hilo au chini yake. Dawa ni kuliandikia rekodi yake ya A. Hata baada ya hapo baadhi ya wateja watakosa ukurasa kwa muda, kwa kuwa seva zao hukumbuka pia jibu la "hakuna", kwa kipindi kinachotokana na rekodi ya SOA ya kikoa chako.

Na yule muuza vitenge? Hakutaka kuiondoa nyota, kwani kurasa zake nyingine ziliitegemea. Tulirudisha jina `duka` kwenye orodha, safari hii likiwa na rekodi ya TXT tu, yenye neno `imefungwa`. Jina likawepo, nyota ikakaa kando, na duka likafungika kweli.