Je, Wajua? Nukta Moja Katika Slipu ya Mshahara

Je, wajua kwamba riali moja ya Omani ina baisa 1,000, si 100? Ndiyo maana fedha ya huko huandikwa kwa tarakimu 3 baada ya nukta, sawa na dinari za Kuwait na Bahrain. Tuseme mwalimu wa Maskati, raia wa Tanzania mwenye asili ya Unguja, anaomba viza ya kwenda London kumwona dada yake. Slipu yake imeandikwa kwa Kiarabu: mshahara wa msingi 620.000, posho ya nyumba 110.000, usafiri 45.500. Jumla 775.500, makato 58.250, mkononi 717.250. Mfasiri aliyezoea shilingi huidhania nukta ile kuwa ya maelfu, akaandika 717,250. Riali imefungwa kwenye dola, na tangu 1986 moja ni takriban dola 2.60; kwa koma hiyo mwalimu wetu analipwa zaidi ya dola milioni 1.8 kila mwezi!

Je, wajua kwamba ofisa wa viza haisomi slipu peke yake? Huiweka kando ya taarifa ya benki, akatafuta kama 717.250 imeingia kweli, tarehe gani, na kutoka kwa nani. Kwa hiyo hata sifuri ya mwisho haikatwi. 717.25 ni fedha ileile, lakini ukishaandika tarakimu 2 hapa na 3 pale, unamfanya msomaji asimame mahali ambapo angepita. Na kama benki inaonyesha 716.750 kwa sababu ilikata ada ya baisa 500, iache 716.750. Kueleza tofauti hiyo ni kazi ya mwombaji katika barua yake, si ya mfasiri.

Tarakimu za Kiarabu zenyewe zina mitego. Tano yake ni kiduara kama sifuri yetu, sita yake inafanana na saba yetu, na sifuri ni kinukta tu ambacho fotokopi hafifu hukimeza. Dawa ni kupiga hesabu upya: 775.500 toa 58.250 lazima ije 717.250. Kwenye taarifa ya benki, anza na salio la mwanzo, jumlisha yaliyoingia, toa yaliyotoka, hadi ufike salio la mwisho. Hesabu ikikataa, rudi kwenye asili. Ukikuta asili ndiyo iliyokosea, kosa linabaki kama lilivyo, nawe unaweka tanbihi fupi ya mfasiri ndani ya mabano ya mraba.

Je, wajua kwamba jedwali la Kiarabu huanzia kulia? Tarehe huwa kulia kabisa, salio kushoto. Anayenakili safu kwa mpangilio wa macho bila kusoma vichwa vyake hugeuza fedha iliyoingia ikawa iliyotoka, na mshahara ukawa deni.

Unaandaa jedwali kwa Ekseli? Programu hiyo hutunza tarakimu 15 tu za namba. Andika namba ya akaunti yenye tarakimu 16, na ya mwisho itageuka 0 bila kukuuliza. Sifuri za mwanzo nazo hutoweka. Badilisha seli ziwe za maandishi kabla hujaandika chochote.

Tarehe 03/04/2025 ni Aprili kwa Mwingereza na Machi kwa Mmarekani. Ukishahakikisha kutoka miamala ya jirani kwamba siku ndiyo inayotangulia, andika mwezi kwa jina lake.

Maelezo ya muamala ndiyo yanayowatia watu tamaa ya kusaidia kupita kiasi. Benki imeandika TRF na namba ya kumbukumbu. Mwombaji anakuambia ilikuwa zawadi ya kaka yake. Huandiki zawadi. Unaacha TRF na namba yake, herufi kwa herufi. Jina la mwajiri lililokatwa katikati kwa kukosa nafasi linabaki limekatwa. Fedha haibadilishwi kuwa pauni, na mistari ya manunuzi madogo hairukwi, hata kama ni kahawa kurasa 3 mfululizo. Mihuri na maandishi ya mkono nayo hufasiriwa.

Je, wajua kwamba Uingereza haimlazimishi mwombaji wa viza ya matembezi kutumia mfasiri aliyeapishwa mahakamani? Inataka tafsiri kamili inayoweza kuthibitishwa: tamko kwamba ni sahihi kulingana na asili, tarehe ya tafsiri, jina kamili la mfasiri, saini yake, na mawasiliano yake. Nakala ya asili huenda pamoja nayo. Wanaosamehewa tafsiri ni wenye hati za Kiingereza au za Kiwelisi.