Betri Imekufa, au Umeme Hauifikii?

Malalamiko haya mafundi wa Kariakoo na wa mtaa wa Luthuli kule Nairobi wameyazoea: laptopu inafanya kazi vizuri ikiwa imechomekwa, ila ukichomoa chaja tu, inazima papo hapo. Mteja huwa amekwisha kutoa hukumu kabla hajaketi. "Fundi, nibadilishie betri." Mara nyingi hukosei ukimsikiliza, maana betri huchakaa kila siku hata mashine ikitunzwa vipi. Lakini wapo walionunua betri mpya, wakaipachika, na asilimia ikagoma kupanda.

Ili kuelewa kwa nini, fikiria nyumba yenye simtanki juu ya paa. Maji ya bomba yakiwepo yanaingia jikoni moja kwa moja, na tawi jingine linapanda kujaza tanki. Bomba likikatika, tanki ndilo linalolisha nyumba. Ndani ya laptopu mambo ni hivyo hivyo. Kuna njia ya kutoka kwenye chaja hadi kwenye bodi, kuna njia ya kujaza betri inayosimamiwa na chipu yake maalumu, na kuna njia ya kutoka kwenye betri kurudi kwenye bodi. Laptopu inayowaka ikiwa imechomekwa imethibitisha njia ya kwanza peke yake. Kuhusu hizo mbili nyingine, na kuhusu betri yenyewe, bado hujajua lolote.

Anza kwa kuiuliza betri. Kila betri ya laptopu ina kibodi chake kidogo ndani kinachopima na kukumbuka, na Windows inaweza kukisoma. Fungua Command Prompt, andika hivi, kisha bonyeza Enter:

```
powercfg /batteryreport
```

Kompyuta itakuonyesha mahali ilipohifadhi faili la `battery-report.html`. Lifungue kama unavyofungua ukurasa wa intaneti, utafute mistari miwili: `DESIGN CAPACITY`, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na `FULL CHARGE CAPACITY`, yaani kiasi inachoweza kubeba sasa ikijaa. Tuseme wa kwanza unasema 60,000 mWh na wa pili 9,600 mWh. Hiyo betri imebakiwa na asilimia 16 ya uwezo wake, na hapo shauri limekwisha. Hata kama pembeni ya skrini inaandika 100%, ni asilimia mia ya kidogo kilichobaki. Tena seli zilizochoka haziwezi kutoa umeme mwingi kwa mkupuo. Volti zinaporomoka mara tu mzigo unapokuja, na mashine inazima ilhali namba bado inasoma kubwa.

Betri ya namna hiyo ina tabia zake. Inajaa haraka mno. Ukipunguza mwanga wa skrini na kufunga programu zote, pengine itavumilia dakika chache, kisha ukifungua video inakata. Njia ya kutoka kwenye betri ikiwa ndiyo mbovu, hakuna kuvumilia: mashine inazima sekunde ileile unapochomoa, kila mara, na ukiweka betri nzima inafanya vilevile.

Kazi ngumu huanza pale ripoti inaposema betri bado ni nzima lakini haijai. Chukua mfano wa Dell Latitude ya mtumba, ya aina inayotumia chaja yenye mdomo wa duara na sindano nyembamba katikati. Ripoti inasoma 60,000 na 41,000, yaani betri ya kutumika bila taabu. Ila asilimia imekwama kwenye 7, na Windows inaandika `Plugged in, not charging`. Fundi anachukua mita, anapima mdomo wa chaja, anapata volti 19.5 kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko. Anasema chaja ni nzima, kwa hiyo tatizo ni bodi. Hapo ndipo wengi wanapotea.

Ile sindano ya katikati kazi yake si kupitisha umeme wa kuendeshea mashine. Ndani ya chaja kuna chipu ndogo inayojitambulisha kupitia sindano hiyo: mimi ni chaja ya wati 65, au 90. Bodi isiposikia utambulisho huo, inakubali kuwaka lakini inakataa kujaza betri, na mara nyingi inapunguza hata kasi ya prosesa ili isielemee chaja isiyoijua. Waya wa utambulisho ni mwembamba, na hukatika pale chaja inapokunjwakunjwa karibu na mdomo. Volti 19.5 zinabaki palepale. Kilichopotea ni utambulisho, na mita haiwezi kuusoma.

Kujua hilo ni rahisi. Washa mashine huku ukibonyeza F2 mara kadhaa inapoonyesha nembo, uingie kwenye BIOS, utafute sehemu ya betri. Chaja ikitambuliwa, wati zake zitatajwa. Kama haikutambuliwa, azima chaja halisi ya aina ileile kwa mtu mwingine. Wati zikitokea, umemaliza: nunua chaja. Zisipotokea, shuku tundu la chaja, ambalo katika modeli nyingi za Latitude lina waya wake na plagi yake, hivyo hubadilishwa bila kulehemu chochote. Zikikataa hata hapo, ndipo bodi inakuwa mshukiwa kwa haki.

Kabla ya kulaumu chochote, angalia pia asilimia imekwama wapi. Ikiwa inasimama kwenye 80 au 60 kila siku, huenda hakuna ubovu wowote. Laptopu nyingi zina mpangilio wa kuzuia betri isijae kabisa ili idumu, na mwenye mtumba hurithi mpangilio wa mmiliki wa kwanza. Lenovo huuita `Conservation Mode`.

Ikiwa chaja imetambuliwa, hakuna kizuizi, na bado betri haijai, kipimo cha kuaminika ni kuijaribu betri nyingine ambayo umeiona ikifanya kazi kwenye mashine ya modeli ileile. Ikijaa, yako ndiyo mbovu: kibodi chake cha ndani hujifunga seli zikishuka chini mno, kwa mfano baada ya mashine kukaa kabatini miezi mingi. Isipojaa, chipu ya kuchaji au transista zinazofungua na kufunga njia zake zimeungua. Usimruhusu mtu akuhukumie betri kwa kuichomoa na kuipima kwa mita mezani. Betri nyingi za laptopu haziachii umeme mpaka zihisi kwamba zimepachikwa, kwa hiyo kusoma sifuri hakuthibitishi kitu.

Kuna hali moja isiyosubiri vipimo. Ukiona padi ya kugusa imeinuka, au mfuniko wa chini umetuna, betri imevimba. Zima, chomoa, ipeleke ikatolewe bila kuitoboa wala kuibinya, hata kama bado inatunza chaji.

Likibainika kuwa bodi ndiyo mbovu, muulize fundi kama ana mchoro wa bodi hiyo na kama amewahi kubadilisha chipu ya kuchaji. Akijibu kwamba "ataichoma kidogo" kwa hewa ya moto aone, chukua mashine yako. Itoe betri, uitumie laptopu kama kompyuta ya mezani, na uiwekee UPS ndogo kwa ajili ya siku za umeme kukatika.